Barua ya wazi: Mauzo ya sabuni si faida, na VAT si mapato yetu

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya kodi na biashara katika mkoa wa Kigoma,

YAH: MAKOSA YA UKOKOTOAJI NA KUKATIKA KWA MNYORORO WA VAT KATIKA BIASHARA YA MAWESE NA SABUNI

Kwa heshima na taadhima, rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wazalishaji wa sabuni za mawese pamoja na watunza hesabu wanaojaza ritani zao. Malalamiko haya tumeyaleta kwa maandishi zaidi ya mara moja, na tumeyasema vikaoni. Kila mara tumeambiwa yamepokelewa, kisha makadirio ya mwaka unaofuata yanakuja na kosa lilelile. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Hatuombi kusamehewa kodi. Tunaomba kodi mbili ambazo kwa asili yake ni tofauti ziache kuchanganywa, na mnyororo wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, uachwe ufanye kazi yake kama sheria ilivyokusudia.

Ili tusielewane vibaya, tutatumia pishi moja la sabuni tangu mwanzo hadi mwisho wa barua. Chukueni kilo 100 za mawese, magadi ya kostiki kama kilo 14, maji, maboksi na umeme. Bei tunazotaja ni za mfano, tumezifanya ziwe za mviringo ili kila msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Zote ni kabla ya VAT, isipokuwa tukisema vinginevyo.

Kinu cha kukamua kinanunua madumu, vipuri na vifaa vingine vya 50,000. Kinatuuzia mawese kwa 300,000. Kiwanda cha sabuni kinanunua pia kostiki, maboksi na umeme vya 100,000, na kinauza sabuni kwa mfanyabiashara wa jumla kwa 600,000. Wa jumla anauza kwa 700,000. Duka la rejareja linauza kwa 800,000.

1. VAT inavyopita hatua kwa hatua, na kwa nini si mali ya kiwanda

VAT ilianza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani, na mwaka 2009 kiwango cha kawaida kikashushwa hadi asilimia 18. Ubaya wa kodi ya mauzo unajulikana: bidhaa ikitozwa kodi kiwandani, kisha ikatozwa tena mbele, kodi ya kwanza inaingia ndani ya bei na yenyewe inatozwa kodi. VAT ilibuniwa kuondoa hilo. Kila muuzaji aliyesajiliwa anatoza asilimia 18 juu ya bei yake yote, lakini anapopeleka kwa serikali anatoa kwanza kodi aliyolipa aliponunua. Anapeleka tofauti tu.

Tuseme wote kwenye mfano wetu wamesajiliwa. Aliyekiuzia kinu vifaa anatoza 9,000 na kuzipeleka. Kinu kinatuuzia mawese 300,000 na kututoza 54,000, kinatoa zile 9,000, kinapeleka 45,000. Muuzaji wa kostiki na wenzake wanapeleka 18,000. Kiwanda kinatoza 108,000 juu ya sabuni ya 600,000, kinatoa 54,000 za mawese na 18,000 za kostiki, kinapeleka 36,000. Wa jumla anatoza 126,000, anatoa 108,000, anapeleka 18,000. Duka linatoza 144,000, linatoa 126,000, linapeleka 18,000.

Jumlisheni: 9,000, na 45,000, na 18,000, na 36,000, na 18,000, na 18,000. Ni 144,000, sawasawa na asilimia 18 ya 800,000 ambayo mlaji amelipa dukani. Hapo ndipo penye uzuri wa kodi hii. Serikali imekusanya kwa vipande sita, lakini jumla ni kana kwamba imetoza mara moja tu, mwishoni, kwa mama anayenunua kipande cha sabuni Mwanga au Ujiji. Yeye ndiye mlipaji. Sisi wengine wote njiani ni wakusanyaji.

Na kwa kuwa kila mnunuzi aliyesajiliwa anahitaji risiti ya aliyemtangulia ili apunguze kodi yake, kila mmoja anamlinda mwenzake. Kiwanda hakihitaji kuhimizwa na afisa ili kudai risiti ya kostiki. Risiti hiyo ina thamani ya 18,000 mkononi. Asiye na sababu ya kudai risiti ni mlaji wa mwisho peke yake.

2. Kodi ya mapato inaangalia kitu kingine kabisa

Kodi ya mapato haiulizi bidhaa imepanda thamani kiasi gani. Inauliza mwenye biashara amebaki na nini baada ya kulipa kila mtu. Tuendelee na pishi letu. Kiwanda kimeuza 600,000, kimetumia 400,000 kwa mawese, kostiki, maboksi na umeme. Kinabaki na 200,000. Lakini ndani ya hizo kuna mishahara ya 120,000, na riba pamoja na uchakavu wa mitambo 50,000. Faida ni 30,000. Kampuni inatozwa asilimia 30 ya hiyo, yaani 9,000.

Sasa linganisheni. VAT ya kiwanda ilikuwa 36,000, yaani asilimia 18 ya 200,000. Ile 200,000 ni ongezeko la thamani, na ndani yake mishahara imo, riba imo, faida imo. Mfanyakazi hatoi ankara ya kodi, hivyo mshahara wake hautolewi kwenye VAT. Kwenye kodi ya mapato unatolewa wote. Ndiyo maana kiwanda kinachotumia watu wengi kukoroga, kukata na kugonga mihuri kina VAT kubwa ya kupeleka hata faida yake ikiwa ndogo, na ndiyo maana kiwanda kinaweza kupata hasara na bado kikadaiwa VAT. Mishahara ikipanda hadi 180,000 kiwanda hicho kina hasara ya 30,000. Kodi ya mapato hapo haipo, ukiacha kanuni ya makampuni yenye hasara miaka mitatu mfululizo. VAT inabaki 36,000 ileile, wala si dhuluma, kwa sababu fedha hiyo ilitoka kwa mnunuzi, haikutoka kwenye faida.

Hili tunalisema pia kwa wafanyabiashara wenzetu. Anayesema "nimepata hasara, VAT nilipie nini?" amekosea, na amekosea kwa njia ileile ambayo baadhi ya maafisa wanakosea upande wa pili.

Tofauti nyingine ni ya kalenda, nayo ina uchungu wake. Kodi ya mapato ya mwaka inalipwa kwa awamu nne za makadirio. VAT inapelekwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kuisha, kwa kufuata ankara na si kwa kufuata fedha. Kiwanda kikimkopesha wa jumla sabuni kwa siku 60, tarehe 20 inakifikia kabla hakijaona hata senti ya zile 108,000.

3. Kosa la kwanza tunalolalamikia: VAT kuhesabiwa kama mapato

Hili ndilo linaloua viwanda vidogo, tunaomba mlisome kwa utulivu.

Afisa anapokuja kukagua, anaanza na jumla ya mauzo kutoka mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kielektroniki. Risiti ya EFD ina mistari mitatu inayohusika. Upo `TOTAL EXCL OF TAX`, ambao kwa pishi letu ni 600,000. Upo `TOTAL TAX`, ambao ni 108,000. Upo `TOTAL INCL OF TAX`, ambao ni 708,000. Mapato ya kiwanda ni mstari wa kwanza. Mstari wa pili ni fedha ya serikali iliyopita mikononi mwetu. Mstari wa tatu ni kile alichotoa mnunuzi mfukoni.

Makadirio tunayoletewa yanachukua mstari wa tatu na kuuita mauzo. Kisha gharama zinachukuliwa kutoka vitabuni, ambako zimeandikwa bila VAT, kwa sababu VAT ya manunuzi tunaidai kwenye ritani. Kwa hiyo mauzo yanakuwa 708,000, gharama zinabaki 570,000, na faida inaonekana 138,000. Asilimia 30 yake ni 41,400. Kodi halali ilikuwa 9,000. Tofauti ni 32,400, na si bahati mbaya kwamba hiyo ni asilimia 30 ya 108,000 kamili. Kodi ya mapato imetozwa juu ya VAT.

Kiwanda kinachopika mapishi 50 kwa mwezi kinapika 600 kwa mwaka. Mauzo yake halisi ni milioni 360, faida yake milioni 18, kodi yake milioni 5.4. Kwa kosa hili anakadiriwa milioni 24.84. Someni tena: kodi imezidi faida yote ya mwaka. Ukitaka kupinga, sheria inakupa siku 30 tangu upate makadirio, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa au sehemu usiyoibishania, ile iliyo kubwa zaidi. Theluthi ya milioni 24.84 ni milioni 8.28. Kwa hiyo mtu anayedaiwa kihalali milioni 5.4 anatakiwa kutoa milioni 8.28 ili tu asikilizwe kwamba anadaiwa milioni 5.4.

Kosa hili linatambulika kwa dakika mbili. Chukua mauzo yaliyo kwenye makadirio ya kodi ya mapato, yaweke kando ya mauzo yaliyotangazwa kwenye ritani 12 za VAT za mwaka huohuo. Ukigawanya cha kwanza kwa cha pili ukapata 1.18, au karibu na hapo, hakuna mauzo yaliyofichwa. Aliyekadiria amesahau kutoa kodi.

Lina ndugu yake, nalo tumekutana nalo. Bei ikiwa tayari ina VAT, kodi iliyomo haipatikani kwa kuzidisha kwa asilimia 18. Inapatikana kwa kuzidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118. Zile 708,000 zina kodi ya 108,000. Anayezidisha 708,000 kwa asilimia 18 anapata 127,440, na zile 19,440 za ziada anaziita kodi iliyokwepwa.

Tunajua mtakachosema, kwamba mfumo ndio unaokokotoa. Mfumo unakokotoa kile ulicholishwa. Mashine ya EFD inatenganisha mistari mitatu vizuri kabisa. Ni mtu anayechagua mstari gani aupeleke kwenye jedwali la kodi ya mapato.

4. Kosa la pili: mnyororo unakatika katikati, na mnaona

Watu wengi wanaamini kwamba asiyesajiliwa kwenye VAT ni nafuu kwa mlaji popote alipo. Si kweli. Inategemea amekaa wapi kwenye mnyororo, na hapa ndipo mfano wetu wa sabuni unafundisha zaidi.

Akikosekana wa mwisho, yaani duka dogo halijasajiliwa, madhara ni madogo. Duka linanunua kwa 826,000 pamoja na VAT, linaongeza 100,000 yake, linauza kwa 926,000. Serikali imepata 126,000 badala ya 144,000. Imepoteza 18,000 tu, yaani kodi ya ongezeko la duka lile peke yake. Yote yaliyotangulia imeshakusanya. Kwa hiyo busara ya sheria kuweka kiwango cha usajili kuwa mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, badala ya milioni 100 ya zamani, inaeleweka. Kukimbizana na vioski kwa 18,000 hakulipi gharama ya kukimbizana.

Akikosekana wa mwanzo, kuna kodi inayonasa. Kinu cha mawese kinachotuuzia sisi tu kina mauzo ya 300,000 mara 600, yaani milioni 180. Kipo chini ya milioni 200, kwa hiyo hakilazimiki kusajiliwa, na hakina kosa. Lakini zile 9,000 alizotozwa kwenye madumu na vipuri hana pa kuzidai. Anaziingiza kwenye bei na mawese yanakuwa 309,000. Sisi tunazibeba bila kuziona, kwa kuwa hazimo kwenye ankara yoyote ya kodi. Kila mtu akiongeza faida yake ileile, sabuni inafika dukani kwa 809,000, na kwa VAT ni 954,620. Mlaji amezidishiwa 10,620: zile 9,000 zilizonasa, na 1,620 ya kodi iliyotozwa juu yake. Inauma kidogo, tunaivumilia.

Akikosekana wa katikati, hapo ndipo nyumba inapoanguka. Wa jumla asiyesajiliwa ananunua kwetu kwa 708,000. Zile 108,000 hazidai kokote. Kwake ni gharama. Anaongeza 100,000 yake na kuuza 808,000, bila ankara ya kodi. Duka kubwa lililosajiliwa linaongeza 100,000, linakuwa 908,000, na sheria inalilazimu kutoza asilimia 18 juu ya yote hayo: 163,440. Halina cha kutoa. Mlaji analipa 1,071,440 kwa sabuni iliyopaswa kuwa 944,000. Zimeongezeka 127,440, ambazo ni zile 108,000 na asilimia 18 yake. Ni kodi ya mauzo ya kabla ya 1998 imerudi kupitia dirishani.

Kwa kweli mlaji hafikii kulipa bei hiyo, maana duka halinunui. Wa jumla huyo ili awe sawa na aliyesajiliwa angelazimika kuuza kwa 700,000 kitu alichonunua kwa 708,000. Kwa hiyo mwenye duka anaagiza sabuni Dar es Salaam, inakuja kwa lori au kwa reli ya kati hadi hapa hapa Kigoma ikiwa na ankara kamili, na sabuni iliyopikwa kwa mawese ya Kigoma inabaki stoo. Tunaambiwa sabuni yetu ni ghali. Si mawese yaliyo ghali, wala si kazi yetu. Ni 108,000 iliyonasa katikati.

Na kwa nini wa jumla hajasajiliwa? Kwa mapishi 600 anauza milioni 420 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Anachofanya kinajulikana sokoni kote: biashara moja, stoo moja, mzani mmoja, lakini TIN tatu, kila moja ikiuza milioni 140. Moja jina lake, nyingine ya mke, ya tatu ya kijana wake. Mashine za EFD tatu zimekaa kwenye kaunta moja. Afisa anayeingia kukagua risiti anaziona zote tatu na kutoka.

Mtasema kila TIN ni mtu wake na sheria haizuii mke kufanya biashara. Ni kweli, na hatutaki azuiwe. Lakini alama za biashara iliyogawanywa hazihitaji upelelezi: mzigo unapokelewa kwa hati moja ya kupelekea, malipo kwa kiwanda yanatoka akaunti moja, na mauzo ya TIN ya kwanza yanasimama ghafla yakikaribia kiwango, siku hiyohiyo ya pili inaanza kuuza. Jambo hilo lipo kwenye taarifa za EFD mlizonazo nyinyi, sisi hatunazo.

5. Risiti zinazokataliwa

Hili ni fupi. Kodi ya manunuzi inakubaliwa ikiwa risiti ina TIN ya mnunuzi na VRN, yaani namba yake ya usajili wa VAT, na ikidaiwa ndani ya miezi sita. Hatuna ubishi na hayo. Tunacholalamikia ni mambo mawili. Karatasi ya EFD ni ya joto na maandishi yake yanafifia. Risiti ya kostiki ya mwaka jana leo ni karatasi nyeupe. Sisi tunazitolea nakala siku tunapozipokea, lakini mkaguzi anakataa nakala ilhali anaweza kuihakiki risiti kwa namba yake ya uhakiki kwenye mtandao. Pili, risiti ikikataliwa kwa VAT, kodi yake inageuka kuwa gharama ya biashara, na ilipaswa kutolewa kwenye kodi ya mapato. Tunachokiona ni kwamba inakataliwa kote kuwili: haipunguzi VAT, na haihesabiwi gharama.

6. Sabuni inayovuka ziwa

Mauzo ya nje yanatozwa kwa kiwango sifuri. Tunaomba neno hili lisifasiriwe kuwa msamaha, maana mbele ya ritani hayo ni mambo mawili yaliyo mbali. Mwenye bidhaa ya msamaha, kama mkulima anayeuza mikungu ya chikichi ambayo haijasindikwa, hatozi VAT na hadai VAT aliyolipa. Mwenye kiwango sifuri hatozi, lakini anadai yote. Kusudi ni bidhaa ifike Bujumbura, Uvira au Kalemie bila kodi yetu ndani yake, ikatozwe kodi ya huko inakoliwa. Hiyo ndiyo maana ya kodi ya ulaji.

Kiwanda kinachouza zaidi ndani ya nchi hakina tatizo, kwa kuwa kodi ya manunuzi ya sabuni ya nje inapunguza kodi ya mauzo ya ndani kwenye ritani ileile. Anayeumia ni ambaye karibu kila boksi linapita bandarini. Mapishi 600 yakivuka yote, na kinu hakijasajiliwa, anadai 18,000 mara 600: milioni 10.8 kwa mwaka. Faida yake ni milioni 18. Marejesho yakichelewa mwaka mzima, zaidi ya nusu ya faida yake ipo mikononi mwa serikali, na yeye anakopa benki kununua mawese ya msimu.

Upande wetu pia upo wa kurekebisha. Mnunuzi kutoka Kongo akija kiwandani, akalipa taslimu, akapakia mwenyewe kwenye boti pale Kibirizi bila hati ya forodha, mauzo hayo ni ya ndani na yanapaswa kutozwa asilimia 18. Wenzetu wanaoyaandika kwa kiwango sifuri wanajitafutia deni. Lakini kuna sababu wanafanya hivyo: mnunuzi wa boksi 20 akiambiwa asubiri hati ya forodha kwa siku mbili, boti inaondoka. Njia iliyonyooka ikiwa ndefu kuliko safari yenyewe, watu wataikwepa.

Mtasema marejesho yanaamuliwa Dar es Salaam na fedha inatoka Hazina. Tunakubali. Lakini faili linaandaliwa hapa, na swali letu ni la hapa: faili limekaa mezani siku ngapi kabla ya kwenda?

Tunachoomba

Kwanza, makadirio yote ya kodi ya mapato ya wazalishaji waliosajiliwa VAT, yaliyotolewa katika miaka mitatu iliyopita, yapimwe kwa kipimo cha 1.18 tulichokieleza, na yanayoangukia hapo yarekebishwe na ofisi yenyewe bila mlipakodi kulazimishwa kulipa theluthi ili aanze pingamizi.

Pili, kila barua ya makadirio iandike wazi mauzo yamechukuliwa kutoka mstari gani wa taarifa ya EFD, ili mtu aweze kuliona kosa siku anapoipokea na si siku ya 29.

Tatu, ukaguzi wa usajili uanzie kwa wafanyabiashara wa jumla, kabla ya kwenda kwenye vinu na vioski. TIN zinazotumia stoo moja na akaunti moja zihesabiwe pamoja na mwenye biashara asajiliwe. Asajiliwe tu, mbele ya safari. Hatuombi afilisiwe kwa madeni ya nyuma.

Nne, nakala ya risiti inayohakikika mtandaoni ikubaliwe, na VAT inayokataliwa ihesabiwe gharama kwenye kodi ya mapato kwa barua ileile ya ukaguzi.

Tano, mwombaji wa marejesho apewe tarehe kwa maandishi: siku faili lilipopokelewa, siku lilipokaguliwa, siku lilipoondoka Kigoma. Na kwa mizigo midogo ya ziwani, afisa mmoja wa forodha awepo asubuhi kabla boti hazijaondoka, ili hati itoke siku hiyohiyo.

Vitabu vyetu, ritani za miezi 12 na nakala za makadirio tunayoyalalamikia vipo tayari. Tunaomba kikao ndani ya siku 30, kikae na mkokotoaji wenu na mkokotoaji wetu meza moja, na pishi moja la sabuni lihesabiwe mbele ya wote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wazalishaji wa sabuni za mawese na watunza hesabu wao,
Kigoma